Kewanja haina majira ya baridi: Chanjo ya mafua makali ichomwe lini?

Katika nchi za Ulaya, virusi vya influenza vinavyosababisha mafua makali huenea zaidi wakati wa baridi, kwa hiyo wananchi huko huchanjwa kila mwaka kabla ya kipindi hicho. Kewanja, katika eneo la Nyamongo mkoani Mara, ipo kusini kidogo tu mwa Ikweta na haina majira ya namna hiyo. Katika ukanda huu virusi huweza kuonekana mwezi wowote, na mara nyingi wagonjwa huongezeka nyakati za mvua, watu wanapokaa kwa wingi ndani ya nyumba na madarasa. Aidha, wasafiri wanaopita mpaka wa Sirari huweza kuvileta wakati wowote.

Hali hiyo huathiri muda wa kuchanja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa virusi hubadilika: mwezi Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na mwezi Septemba kwa nusu ya kusini. Utengenezaji huchukua takriban miezi 6. Hivyo chanjo ya kusini hupatikana karibu na masika, na ya kaskazini karibu na vuli. Nchi ya tropiki inaweza kuchagua mojawapo kwa kuangalia miezi ambayo wagonjwa wake huongezeka.

Ugumu ni kwamba kinga huanza kufanya kazi takriban wiki 2 baada ya kuchanjwa, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita. Aliyechanjwa Oktoba anaweza kuingia masika ya Aprili kinga yake ikiwa imeshuka.

Kwa mfano, mjamzito wa Kewanja anayetarajia kujifungua Juni, akichanjwa Machi, hujikinga yeye mwenyewe wakati wa masika na kumpatia mtoto kinga ya miezi ya mwanzo. Hilo ni muhimu kwa sababu mtoto hawezi kupewa chanjo hii kabla ya kutimiza miezi 6. Kwake tarehe ya kujifungua ina uzito kuliko kalenda ya msimu, na akipata nafasi hana sababu ya kungoja mvua.

Hata hivyo, chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo nchini, hivyo utambuzi wa mapema unabaki kuwa nguzo kuu. Mkoani Mara, homa ya wakati wa mvua hudhaniwa haraka kuwa malaria. Homa inayofikia nyuzi 38 pamoja na kikohozi kilichoanza ndani ya siku 10 huhesabiwa kuwa dalili za ugonjwa unaofanana na influenza, ingawa uthibitisho hutolewa na maabara. Mgonjwa wa homa apimwe malaria kwanza; kipimo kikionesha hana, dawa za malaria hazitamsaidia. Akipumua kwa shida, apelekwe haraka kituo cha afya.