Pawabenki ya kwenda nayo shambani: hesabu mchele, siyo mpunga

Mpunga unapoanza kujaza punje, familia nyingi za Malinyi huhamia mashambani kwa siku kadhaa kuamia ndege, na likizo ikiangukia hapo watoto huenda pia. Kwenye dungu hakuna soketi. Simu ya familia inayobebwa mara nyingi ni moja, na kazi zake ni nyingi: kupokea hela, kuwasiliana na waliobaki nyumbani, tochi ya usiku, kumwita wa bodaboda mtu akiugua. Mtoto naye anaitaka kwa ajili ya gemu, maana mchana wa shambani ni mrefu.

Ndiyo maana wazazi wengi hununua pawabenki. Baadhi yao hujikuta siku ya tatu simu imezima na pawabenki haina kitu, kisha lawama zote humwangukia mtoto. Mtoto anaweza kweli kuwa amecheza kupita kiasi. Lakini mara nyingi tatizo lilianzia dukani, pale iliposomwa namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa mbele.

Namba hiyo kubwa inasema nini

Mbele ya pawabenki huandikwa 10000mAh, 20000mAh au zaidi. Mzazi mwenye simu ya betri ya 5000mAh anagawanya haraka: 20,000 kwa 5,000 ni mara nne. Akifika shambani anapata mara mbili na nusu hivi, anaona ameibiwa.

Mkulima wa bonde la Kilombero anaijua hali hii kwa jina lingine. Kilo 100 za mpunga zikipita mashineni hazitoki kilo 100 za mchele. Zinatoka kama 65, zinazobaki ni maganda, pumba na chenga. Mwenye mashine hajaiba, ndivyo mpunga ulivyo. Namba ya mbele ya pawabenki ni mpunga. Seli zilizo ndani hutunza umeme kwa volti 3.7, lakini tundu la kuchajia hutoa volti 5. Kupandisha volti kunapunguza namba ya mAh, na sehemu nyingine ya umeme hupotea kama joto kwenye pawabenki, kwenye waya na ndani ya simu yenyewe.

Kwa hiyo kanuni rahisi ya nyumbani ni kuchukua namba ya mbele na kuhesabu asilimia 65 yake. Pawabenki ya 20,000 ihesabiwe 13,000, na ya 10,000 ihesabiwe 6,500. Watengenezaji waaminifu huandika wenyewe namba ndogo zaidi kwa nyuma, pembeni ya maneno "Rated Capacity". Pawabenki isiyo na namba hiyo popote inastahili kutiliwa shaka.

Pima gemu nyumbani kabla ya safari

Kabla ya kununua, mzazi anahitaji kujua mtoto anakula chaji kiasi gani. Kipimo ni saa moja tu. Simu ijazwe mpaka asilimia 100, ichomolewe, mtoto acheze gemu lake la kawaida kwa saa nzima na mwanga wa kioo uleule anaoutumia kila siku. Kisha isomwe imeshuka kiasi gani.

Chukulia simu ya 5000mAh imeshuka asilimia 20 kwa saa. Mama anaondoka Malinyi na kijana wake wa kidato cha pili kwenda shambani siku nne. Wamekubaliana saa mbili za gemu kwa siku, yaani asilimia 40. Matumizi mengine ya simu, pamoja na tochi, ni asilimia 30. Jumla kwa siku ni 70, na kwa siku nne ni 280.

Simu inaondoka nyumbani ikiwa imejaa, hivyo 100 zimo tayari. Zinazobaki 180 zitoke kwenye pawabenki. Ya 10,000 inatoa 6,500, ambayo kwa simu hii ni kama asilimia 130. Haitoshi, kwa sababu simu itazima siku ya nne, tena mapema. Ya 20,000 inatoa 13,000, sawa na asilimia 260. Hiyo inamaliza siku nne na kubakiza 80, yaani siku moja zaidi kama mvua imeharibu njia na kurudi kumeahirishwa. Kwa safari hii, 20,000 ndiyo saizi yake.

Hesabu ileile inaonyesha pia mahali ambapo pawabenki haisaidii. Kijana akicheza saa tano kwa siku, matumizi yanafika asilimia 130 kila siku, na hata hiyo ya 20,000 haivuki siku ya tatu. Hapo cha kubadilisha ni saa za gemu. Ni vizuri makubaliano hayo yafanyike nyumbani, mtoto akiziona namba mwenyewe, kuliko kugombana shambani.

Aina ya gemu nayo ina uzito. Free Fire inahitaji intaneti muda wote, na mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta mnara. Asilimia 20 za mjini zinaweza kuwa 25 au zaidi kando ya mto. Gemu lisilohitaji intaneti, likichezwa simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni, hula kidogo. Ila simu ikiwa hivyo haipokei wito, kwa hiyo mzazi ajue ni saa zipi.

Tundu linatoa nguvu kiasi gani

Namba ya pili iko nyuma, kwa maandishi madogo, baada ya neno OUTPUT. Hapo huandikwa mfano 5V/1A, 5V/2A au 9V/2A. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Ya kwanza ni wati 5, ya pili 10, ya tatu 18.

Simu inayoshuka asilimia 20 kwa saa inatumia karibu wati 4 wakati gemu linachezwa. Ikiunganishwa na tundu la wati 5, baada ya upotevu wa njiani kinachoingia ni kama wati 4. Ndiyo sababu mtoto anacheza waya umechomekwa, alama ya chaji inaonekana, na saa nzima asilimia haipandi. Pawabenki nzima, simu nzima, ila tundu ni dogo.

Kwa simu moja, wati 10 zinatosha. Wati 18 zina faida pale simu inapopumzika: wakati wa chakula cha mchana inaweza kupanda kwa kiasi kikubwa, mradi simu yenyewe inakubali chaji ya haraka na waya ni mzuri. Waya mwembamba wa bei rahisi hupunguza nguvu hata kama pawabenki ni bora. Na kama simu ni mbili, isomwe namba ya matundu yote yakitumika pamoja, kwa sababu pawabenki nyingi hugawa nguvu ileile kwa mbili.

Hata hivyo, kucheza huku simu inachajiwa si utaratibu mzuri kwa joto la Kilombero. Gemu linaipasha simu, chaji inaipasha tena, na simu ikipata joto sana hupunguza chaji yenyewe ili kulinda betri. Umeme wa pawabenki unaishia kuwa joto. Nafuu ni mtoto acheze, aache, kisha simu ichajiwe kivulini bila kava.

Kuitambua ya uongo

Dukani Ifakara muuzaji kijana anaweza kusema, "Shikamoo mama. Achana na hiyo, chukua hii ya elfu hamsini, bei ileile." Jibu zuri ni, "Marahaba mwanangu. Niwekee zote mbili kwenye mzani."

Seli zina uzito ambao haujifichi. Pawabenki ya kweli ya 20,000 kwa kawaida huwa na gramu 330 hadi 450. Iliyoandikwa 50,000 ikiwa na gramu 250 haiwezi kuwa na kilichoandikwa. Uzito peke yake si uthibitisho kamili, kwa kuwa wapo wanaojaza mchanga au vipande vya chuma ndani, ndipo kinakuja kipimo cha pili, cha nyumbani.

Pawabenki iliyoisha kabisa ichomekwe kwenye chaja ya wati 10 na saa ihesabiwe. Ya 20,000 hubeba umeme wa wati 74 kwa saa moja, hivyo kwa wati 10 haiwezi kujaa chini ya saa saba na nusu, na kwa kawaida hufika tisa. Umeme ukikatika, zijumlishwe tu saa ulizokuwapo. Taa zikionyesha imejaa baada ya saa tatu, kilichoingia hakizidi wati 30 kwa saa moja, sawa na 8,000 hivi. Kipimo hiki kifanyike risiti ikiwa bado mpya, si usiku wa kuamkia safari.

Muda huohuo unaonyesha jambo lingine: pawabenki kubwa inahitaji usiku mzima wa umeme. Familia inayotoka asubuhi iichomeke tangu jana yake mchana, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku, hakuna wa kufidia.

Zile zenye kioo kidogo cha sola mgongoni zisitegemewe. Kioo cha ukubwa wa kiganja hutoa kama wati moja jua likiwa kali. Kujaza 20,000 kwa njia hiyo kungechukua zaidi ya wiki mbili, na pawabenki iliyoanikwa juani siku nzima huharibika.

Ikifika shambani

Ikae kivulini, mbali na maji na jiko, na isichaji usiku chini ya godoro au mto wa kulalia. Ikianza kuvimba, kutoa harufu au kuwa ya moto hata bila kutumika, itolewe nje ya kibanda na isitumike tena. Seli zilizovimba zinaweza kushika moto, na kibanda cha nyasi hakina muda wa kusubiri.

Mwisho, kiwekwe kiwango kisichoguswa. Pawabenki nyingi huonyesha chaji kwa taa nne. Taa ya mwisho ikibaki peke yake, gemu linakoma, na umeme uliobaki ni wa kupiga simu tu mpaka familia irudi kwenye soketi.