Mshahara Ukipunguzwa, Tarehe Iandikwe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeukumbuka msemo huo kwa ajili ya jirani yangu wa Changamwe. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipodhoofisha biashara, mwajiri wake aliwakusanya wafanyakazi akawaomba wakubali kupunguziwa mshahara "kwa muda". Jirani yangu alikuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi. Akakubali 21,000, naye hakupewa hata karatasi moja.

Sina lawama kwa kukubali kwake. Ni heri nusu shari kuliko shari kamili. Kosa lilikuwa katika neno "muda", ambalo halikupewa mwisho. Miezi ikapita, mshahara wa zamani haukurudi. Hatimaye kazi ikapungua zaidi, naye akaachishwa baada ya kutumika miaka minane.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa namna hiyo kiinua mgongo kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Kwa mshahara wa 30,000, siku 15 ni shilingi 15,000, na miaka minane ni 120,000. Mwajiri alipiga hesabu kwa 21,000, akapata 84,000. Ndipo jirani yangu alipotambua kwamba upunguzaji ule wa muda umemla shilingi 36,000 nyingine siku ya kuondoka, wala hakuwa na barua ya kumtetea.

Kifungu cha 10(5) cha sheria hiyo humtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Lakini barua isemayo tu kwamba mshahara umepunguzwa haimkingi mfanyakazi. Nionavyo mimi, kabla ya kutia saini atazame mambo manne.

Kwanza, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kwamba siku hiyo mshahara wa awali utarudi bila kuombwa. Pili, kama saa za kazi nazo zimepunguzwa, na ni ngapi. Asije akalipwa siku tatu akatumika sita. Tatu, hatima ya fedha zilizokatwa: je, zimesamehewa, au ni deni litakalolipwa baadaye, na lini? Nne, kwamba kiinua mgongo, notisi na likizo vitahesabiwa kwa mshahara wa awali.

Muda ukihitaji kuongezwa, iandikwe barua mpya. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi amwonyeshe mwakilishi wake kwanza, maana huenda mshahara wake umewekwa na mapatano ya chama. Kisha abaki na nakala nyumbani pamoja na hati za mishahara za kabla ya kupunguzwa.

Mwajiri mwenye nia njema hapotezi kitu kwa kuandika tarehe. Anayekataa kuiandika amekwisha kujibu swali la muda huo ni upi.