Zawadi ya mpiga picha: afadhali karte ya 32 GB yenye fakture

Mpiga picha aliyekimbia vita na kufika Kalunguta na aparei yake tu anaweza kuanza kazi tena, bora apate karte memwari. Ndugu wakitaka kumpa zawadi, wengi wanakimbilia karte ya 64 GB ya bei ndogo huko Butembo. Kwa maoni yangu, afadhali ya 32 GB.

Kwanza, aparei za zamani zenye alama SDHC zimetengenezwa kwa karte zisizopita 32 GB. Ile ya 64 ni SDXC, na aparei hizo zinaweza kuikataa. Basi, kabla ya kununua, angalia alama iliyo kwenye aparei yake.

Pili, kuna karte za uongo. Juu kumeandikwa 64, kumbe ndani inabeba kidogo tu. Picha za kwanza zinafunguka vizuri, zinazofuata zinaharibika. Kupiga picha mbili mbele ya muuzaji hakutoshi. Inafaa kuijaza yote kwenye kompyuta, kwa programu kama H2testw, na hiyo inaweza kuchukua saa nzima.

Kwa hiyo unahitaji siku za kujaribu. Lakini fakture nyingi zinasema mali iliyouzwa hairudishwi, na garanti ya kiwanda haisaidii kama hapa hakuna wa kuipokea. Omba muuzaji aandike kwenye fakture: siku saba za kubadilisha, na sahihi yake. Akikataa, nenda duka lingine. Nauli ya pikipiki ya kurudi bure Butembo nayo ni hasara.