Toeni Ile Piano, Tusikie Ziwa

Wandugu, leo nasema bila kuzunguka. Katuni yetu ya sekunde 40, ile ya mama na mtoto wanaovuka Tanganyika usiku kuja Rumonge, haina sauti bado. Juzi mtu mmoja wa misaada alituwekea piano ya huzuni na mawimbi ya bahari ya kupakua. Watu wakalia. Mimi nilikasirika.

Bahari inavunjika ufukweni kwa kishindo kirefu. Ziwa likitulia usiku, aliye ndani ya mtumbwi anasikia maji yanapiga mbao kidogo kidogo: pa, kimya, pa. Tena piano inamwambia mtazamaji atuonee huruma tu. Haimwambii tuliogopa nini.

Tuliogopa kusikika. Kwenye katuni, sekunde ya 12, injini inazimwa na watu wanashika makasia. Hapo ndipo filamu yote iko, na piano imepafunika!

Basi tupange hivi. Tutazame katuni mara tatu, tuandike daftarini safu tatu: sekunde, sauti, kifaa. Injini tuirekodi kwenye gati, tukisimama kama hatua 10, maana karibu sana inakwaruza. Ziwa lenyewe turekodi dakika 2 mfululizo usiku, simu imevikwa soksi kuzuia upepo. Tukichukua sekunde 5 na kuzirudiarudia, sikio litagundua haraka.

Vingine tutengeneze chumbani. Kasia ni kipande cha ubao ndani ya beseni lenye maji nusu: kiingie polepole, kisha kitoke na matone. Mtumbwi unaolia ni kiti cha zamani cha mbao, ukikikalia na kuyumba. Blanketi la mtoto ni kitenge kinachosuguliwa karibu na simu. Anayefanya sauti aangalie picha huku akifanya, kama Jack Foley alivyofanya Hollywood, si kukisia.

Kuna mtego mmoja. Simu nyingi pakiwa kimya zinajipandishia sauti zenyewe, kwa hiyo kati ya kasia na kasia utasikia "shhh" inapanda. Dawa yake: tukate hizo nafasi, halafu chini yake tulaze ile sauti ya ziwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kukatika. Injini ikizimwa, ziwa libaki peke yake sekunde 3 kabla ya kasia la kwanza. Tusiogope huo ukimya. Ndio ule ule tuliokaa ndani yake.

Kujua kama tumefaulu, tumwite mtu aliyevuka, afumbe macho, asikilize. Akisema "wamezima mashine", imetosha.

Na nyie wa misaada, hatukatai mkono wenu. Tupeni chumba kisicho na kelele kwa saa 2, na beseni. Huzuni tuko nayo ya kutosha, hatuhitaji ya kupakua.