Sindano ya surua ya mwaka mmoja na nusu si ya ziada

Muulize mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja kama mwanawe amemaliza chanjo. Mara nyingi atakujibu kuwa amemaliza, kwa sababu sindano ya surua alichomwa akiwa na miezi 9, na tangu hapo kliniki anakwenda kupima uzito tu. Ratiba yenyewe inamfanya aamini hivyo. Mwanzoni aliitwa mara kwa mara: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9. Baada ya hapo ni kimya kirefu hadi mtoto atimize miezi 18, ndipo anapotakiwa kupata sindano ya pili ya surua na rubela. Tanzania imekuwa ikiitoa sindano hiyo tangu 2014, na hadi leo wapo watoto wengi wanaopata ya kwanza na kuikosa ya pili.

Kwa maoni yangu, tatizo ni maneno yetu kuliko uzembe wa wazazi. Matangazo ya chanjo humwambia mzazi kwamba chanjo ni salama, ni bure, ampeleke mtoto. Yote ni kweli. Lakini hayajibu swali alilonalo moyoni: kama mwanangu alishachanjwa surua, achanjwe tena ya nini?

Jibu ambalo wengi wamelisikia ni kwamba sindano ya pili inaongeza nguvu ya ile ya kwanza. Sivyo hasa. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo hupungua taratibu, na kwa baadhi ya watoto inakuwa bado ipo kidogo wanapofikisha miezi 9. Inaizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kujilinda wenyewe. Tungeweza kusubiri iishe kabisa, ila surua ni hatari zaidi kwa watoto wadogo, kwa hiyo hatusubiri. Tunachoma mapema tukijua kwamba kwa wachache haitashika.

Chukua mfano wa kata moja yenye watoto 100 waliozaliwa mwaka mmoja, na wote wakachomwa sindano ya miezi 9. Takriban 85 watapata kinga. Waliobaki 15 hawana, ingawa kadi zao zimeandikwa sawasawa na za wenzao. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua yuko kundi lipi, na hata muuguzi hawezi. Wote wakirudi kwenye miezi 18, karibu wale 15 wote watapata kinga, abaki mmoja au wawili. Hiyo ndiyo kazi ya sindano ya pili: kuwapa nafasi nyingine wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Sasa tuseme wamerudi 60 tu. Kati ya wale 15, watakaokuwa hawakurudi ni 6 hivi, na mmoja atakuwa amerudi bila kupata kinga. Jumla 7. Mwaka unaofuata wanaongezeka 7 wengine, na baada ya miaka mitano kata hiyo ina watoto 35 wasio na kinga, wanaocheza uwanja mmoja na kulala nyumba zinazopakana. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Ndiyo maana surua inaweza kupotea miaka kadhaa, watu wakaisahau, halafu ikaja ghafla na kulaza watoto wengi kwa wakati mmoja, wengine kwa nimonia, wengine kwa kuharisha, na wengine macho yakiharibika. Ili isipate njia tunahitaji watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulikwepa, nami nadhani linatugharimu sana. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa, 5 hadi 15 hupata homa, na wachache hutokwa na vipele vidogo. Homa hiyo haiji siku ya sindano. Huja baada ya wiki moja hivi, hadi siku ya 12, kwa sababu virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo huchukua muda huo mwilini kabla kinga haijaamka. Hukaa siku moja au mbili, kisha huisha.

Mama ambaye hakuambiwa anaona nini? Anaona mtoto mzima kapelekwa kuchanjwa surua, na wiki moja baadaye ana homa na vipele. Atamwambia jirani kwamba sindano imempa mwanawe surua, naye hadanganyi, anasema alichokiona. Uvumi wa namna hii haufutwi na bango linalosema chanjo ni salama. Ungefutwa na muuguzi kumwambia siku ile ile: “Mama, wiki ijayo anaweza kupata homa kidogo. Mpunguzie nguo, mpe maji au mnyonyeshe zaidi, na parasetamoli kwa kipimo nilichokuandikia. Ikizidi siku mbili, au akipata degedege, mlete.” Mzazi aliyeonywa hivyo, homa ikija, anamwamini muuguzi zaidi ya jana. Vivyo hivyo kuhusu mzio mkali: upo, ni kama mtoto mmoja katika milioni, na kwa sababu hiyo unaombwa ukae kliniki nusu saa baada ya sindano.

Halafu kuna habari ya chupa. Chupa ya chanjo ya surua na rubela tunayoitumia sana ina dozi 10, na ikishafunguliwa inatupwa baada ya saa 6. Ndiyo sababu unaweza kufika na mtoto wako mmoja ukaambiwa urudi siku nyingine. Mwongozo wa chanjo unataka chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini muuguzi mwenye akiba ndogo huogopa kupoteza dozi 9. Mama aliyelipa nauli ya bodaboda mara mbili bure, mara ya tatu haji.

Kwa hiyo kama ningeombwa tangazo la kusomwa na mjumbe wa mtaa, au msikitini na kanisani baada ya ibada, ningeandika hivi:

“Wazazi wenye watoto waliofikisha mwaka mmoja na nusu, sindano ya pili ya surua bado. Ya kwanza haiwashiki watoto wote, na hakuna anayejua kama yako ilishika. Sindano ni siku fulani, zahanati fulani, kuanzia saa mbili asubuhi. Njoni na kadi. Wiki moja baadaye mtoto anaweza kupata homa ya siku moja au mbili, ni kawaida. Mama fulani wa mtaa wetu amekwisha kumpeleka wake, muulizeni.”

Huyo mama aombwe kwanza, akubali, na ikiwezekana awe ambaye mwanawe alipata homa ikapona. Bibi mwenye kumbukumbu ya wodi ya surua zamani naye afaa sana, pengine kuliko daktari. Siku moja iliyotajwa wazi inawaleta watoto wengi pamoja, na chupa inafunguliwa bila kusitasita.

Ukifika nyumbani leo, toa kadi na utafute mstari wa surua-rubela. Kuna nafasi mbili za tarehe. Ikiwa ya pili iko wazi na mtoto ameshapita miezi 18, hata akiwa na miaka miwili au mitatu, hujachelewa wala haianzwi upya. Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Piga simu zahanati au mwulize mhudumu wa afya wa mtaani kwenu siku wanayofungua chupa ya surua, uende siku hiyo.