Tangazo la sekunde 18 linauza kuliko la dakika moja na nusu

Vijana wenzangu wa Kihanga, wiki iliyopita nilikuwa nakagua migomba ya mzee mmoja, tukasikia gari la matangazo linakuja. Muziki mkubwa, halafu sauti: "...pamoja na mayai, mbolea, na mafunzo ya ufugaji bora, wahi sasa..." Gari likapita. Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, wanauza nini hawa?" Sikuwa na jibu, na mimi ndiye ninayejua nani anafuga nini kwenye kata hii.

Mimi nasema hivi, na najua wengine mtanipinga: tangazo la spika likibeba bidhaa zaidi ya moja, hela yako imepotea. Bidhaa moja, bei yake, siku yake, mahali pake. Mengine mteja atayakuta akishafika.

Nieleze kwa kisa ninachokijua vizuri. Kuna kijana hapa kwetu anayelea vifaranga vya kroila. Ananunua wa siku moja, anawakuza kwenye bruda mpaka wafike mwezi mmoja, ndipo anawauzia akina mama na vijana wanaotaka kuanza kufuga bila kuhangaika na joto la mkaa. Biashara nzuri, lakini ina saa inayokwenda. Kifaranga wa mwezi mmoja anakula gramu 40 hivi kwa siku, na kila wiki anaongeza. Asipouzwa leo, kesho anakula faida.

Kundi lake la kwanza lilikuwa vifaranga 300. Akakodi gari la matangazo siku nzima kwa shilingi 60,000. Tangazo lenyewe lilikuwa la dakika moja na nusu: muziki, salamu kwa viongozi wa kata, jina la mradi mara tatu, vifaranga, mayai ya kutotolesha, mbolea ya kuku, mafunzo, na mwisho kabisa namba ya simu imesomwa mara moja, haraka haraka. Bei haikutajwa. Siku haikutajwa.

Alipigiwa simu, si kwamba hakupigiwa. Ila karibu wote waliuliza "bei gani?" na "mko wapi?", wakasema watakuja. Wakabaki vifaranga 180. Kwa wiki ile ya tano walikuwa wanakula kama gramu 50 kila mmoja, yaani kilo 9 kwa siku, na chakula alikuwa ananunua shilingi 1,300 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 11,700 kila siku inayokucha. Walimaliza siku 12 bandani kabla hawajaisha kwa kuwapunguzia bei. Piga hesabu mwenyewe: 140,400 ya chakula tu, mbali na punguzo.

Alikuja kwangu akidhani tatizo ni ufugaji. Nikamwambia vifaranga wako hawana shida, twende tukasikilize tangazo lako.

Tulisimama barabarani, spika ikiwa kwenye pikipiki ya rafiki yake. Tukapima kwa hatua. Maneno yalisikika wazi mpaka kama mita 100 hivi. Mbele ya hapo unasikia kelele, huelewi. Kwa hiyo mtu aliyesimama shambani anakuelewa gari likiwa mita 100 kabla ya kumfikia, na mita 100 baada ya kumpita. Jumla mita 200. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, mwendo wa kuburuza, mita hizo 200 zinaisha kwa sekunde 72. Dereva akiwa na haraka, akaenda kilomita 30 kwa saa, zinaisha kwa sekunde 24.

Sasa weka tangazo la sekunde 90 hapo. Kwa mwendo wa 30 msikilizaji anapata robo tu, na huchagui wewe robo gani. Mmoja anapata salamu za viongozi, mwingine anapata mbolea, mzee wangu wa migomba anapata "wahi sasa". Mwenye bahati ndiye anayesikia vifaranga. (Na upepo ukivuma au kuna mlima katikati, hata hizo mita 100 hazifiki. Milima yetu mnaijua.)

Tukaandika upya. Msomaji wa matangazo anayetaka aeleweke kwenye spika husema kama maneno mawili kwa sekunde. Akikimbia zaidi ya hapo spika inayameza. Tukajipa maneno yasiyozidi 40. Likatoka hivi:

"Wafugaji wa Kihanga! Vifaranga wa kroila wa mwezi mmoja, wamechanjwa mdondo na gumboro. Shilingi elfu sita kila mmoja. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi hadi saa sita, Kihanga senta, mkabala na mashine ya kusaga. Wapo mia tatu."

Ni maneno 36, sekunde 18. Linarudiwa bila muziki katikati, na kimya cha sekunde mbili kati ya mzunguko na mzunguko ili sikio lijue limeanza upya. Gari likiburuza kwa mwendo wa 10, mtu mmoja analisikia lote mara tatu. Hata dereva akizidisha mpaka 30, maneno yote yanampitia msikilizaji mara moja, hata kama ameanzia katikati.

Mtaona namba ya simu haimo. Hapa tulibishana sana. Yeye alisema tangazo bila namba si tangazo. Mimi nikamwuliza: mama ana jembe mkononi, simu iko nyumbani inachajiwa, kalamu hana, ataishika vipi tarakimu kumi? Mahali anapashika kwa kusikia mara moja. Mashine ya kusaga kila mtu anaijua, hata mtoto atatumwa. Tena kwenye spika ya honi "nne" na "nane" zinafanana kabisa, na "tatu" na "tano" nazo zinachanganya. Namba ikikosewa tarakimu moja, umempeleka mteja kwa mtu mwingine, na hutajua.

Tulikubaliana hivi: gari likiwa linatembea, mawasiliano ni mahali. Likisimama kijiweni au gulioni, pale watu wametulia na simu ziko mkononi, anashika maiki mwenyewe na kusoma namba mara mbili, taratibu: nne za mwanzo, pumzi, tatu, pumzi, tatu. Halafu anamwomba mtu mmoja airudie kwa sauti. Akikosea yule, wengine nao wamekosea.

Redio ni jambo jingine. Redio ya jamii kama Fadeco FM, iliyoanza hapa Karagwe mwaka 2007, inamfikia mtu aliyekaa, jioni, simu iko karibu. Pale namba ina kazi, na lazima isomwe mara mbili. Tukachukua maneno yale yale, tukaongeza "Piga" na namba mara mbili, ikawa karibu nusu dakika. Akalipia jioni mbili, Alhamisi na Ijumaa. Mapema zaidi ya hapo watu wanasahau, na ukitangaza Jumamosi yenyewe mnunuzi wa mbali hana muda wa kutafuta boksi na nauli.

Kuhusu bei, najua mnachosema. "Nikitaja bei, jirani atashusha yake." Atashusha, ndiyo. Lakini ukiificha unabaki unajibu simu siku nzima za watu ambao mfukoni hawana hiyo hela. Aliyesikia elfu sita na bado akaja, amekuja kununua. Kijana wetu safari hii hakuulizwa bei na mtu hata mmoja kwenye simu; waliuliza "bado wapo?"

Na ile "wapo mia tatu" msiitumie kama hamna mia tatu. Wala msiseme "wamechanjwa" kama hamwezi kumwonyesha mteja daftari: mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21. Ndui ya kuku ilikuwa bado, na hilo alimwambia kila mnunuzi ana kwa ana, akampa na tarehe ya kuchanja. Halikuwa la kusema kwenye spika. Lingekula sekunde zetu.

Kabla ya gari kutoka alipita kwa mtendaji, akaeleza njia atakazopita na saa. Wakamwambia kuna msiba sehemu fulani, akazima spika alipofika pale. Mwaka jana kuna mtu alipita na muziki msibani, na mpaka leo hauzi kitu upande ule.

Matokeo? Wanunuzi 41. Kila aliyefika aliulizwa swali moja, "umesikia wapi?", na akachorewa kistari kwenye daftari. Spika 22, jirani 11, redio 8. Ukiishia hapo utasema redio haifai. Lakini wale 8 wa redio walichukua vifaranga 110, kwa sababu aliyetoka mbali hafuati kuku watano. Wale wengine 33 wakagawana 190. Mpaka Jumamosi saa sita walibaki wachache, Jumatatu asubuhi banda lilikuwa tupu. Asingeandika vistari, kundi lijalo angefuta redio na kupoteza wanunuzi wake wakubwa.

Nisiwadanganye lakini. Tangazo la namna hii linafaa kwa kitu chenye siku: vifaranga waliofika umri, miche ya parachichi iliyo tayari mvua zikianza, mbegu ya maharage kabla ya kupanda. Kama unauza mayai kila siku ya mwaka, spika ya Jumamosi haikusaidii sana. Kwako kibao kizuri barabarani na kutokosa mzigo ni bora zaidi. Na kama watu wametoka kuuziwa vifaranga na mwingine wiki mbili nyuma, hata sekunde 18 nzuri namna gani hazitawapa mabanda ya kuwaweka wengine.

Kosa moja alilifanya. Jumapili yule rafiki wa pikipiki aliendelea kupiga tangazo kwenye safari zake, anadhani anasaidia. Watu sita wakafika mashineni wakakuta mlango umefungwa. Aliwapigia mmoja mmoja kuomba radhi, akaandika majina yao wawe wa kwanza kundi lijalo. Tangu hapo flashi yenye tangazo anaichukua mwenyewe Jumamosi mchana na kulifuta.

Kundi la tatu linafika mwezi mmoja wiki ijayo. Juzi alinipigia: "Mkubwa, safari hii nina na trei za mayai, niyaweke kwenye tangazo?" Nikamwambia ayapange mezani pale mashineni, na kwenye tangazo abadilishe idadi tu. Safari hii wako 260.