Akiba yetu: Mwaliko usiofanana na tamaa

Vikundi vyetu vingi vya AVEC na likelemba sasa vina wanamemba wanaoweka akiba katika simu. Programu hizo za akiba zinaomba kila mtumiaji aalike rafiki, na zinatoa zawadi kidogo kwa anayealika. Jambo lenyewe si baya. Ubaya unaingia kwa maneno. Mama anatuma ujumbe ambao kampuni imemwandikia, na kesho yake jirani yake anamwepuka sokoni, maana anawaza: huyu anataka kula kwa mgongo wangu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza sambaza Kadutu, Bukavu. Programu yake inampa ujumbe huu ili autume kwa wenzake: «Pata pesa haraka! Leta marafiki 5, ulipwe 10.000 franka. Usikose, nafasi ni chache!» Kila neno hapo lina shida yake.

«Pata pesa haraka» si kweli. Akiba si pesa ya haraka, ni pesa yako mwenyewe uliyoiweka pembeni. Tena maneno hayo yanafanana na yale ya michezo ya pesa iliyowatia watu hasara. Wazee wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi pesa nyingi kwa wakati mfupi na kuanguka mwaka 1991, ikabaki na pesa za watu. Mama akisoma «pesa haraka», ni hayo anayoyakumbuka, na ana haki.

«Leta marafiki 5» inamfanya rafiki kuwa mzigo unaohesabiwa kwenye mizani. Mtu analeta makala, analeta mihogo. Rafiki anaalikwa. Na «nafasi ni chache» ni kumsukuma mtu aamue kabla ya kuuliza bwana wake, dada yake au kikundi chake. Akiba nzuri haikimbii.

Lakini shida kubwa ni ile isiyosemwa: rafiki anapata nini, na hizo 10.000 zinatoka wapi? Kwa kuwa ujumbe umenyamaza, yeye atajaza jibu mwenyewe, na atasema zinatoka katika akiba yake. Hapo ndipo urafiki unaharibika.

Basi tuanze na mpango wenyewe, maana maneno mazuri hayawezi kufunika mpango wenye choyo. Kampuni iko tayari kutoa 2.000 franka kwa kila rafiki mmoja. Badala ya kumpa anayealika zote, igawe: 1.000 kwake na 1.000 kwa aliyealikwa. Kampuni haiongezi hata franka moja, lakini sasa mwaliko una sura nyingine kabisa. PayPal ilipoanza kukua miaka ya 2000 ilifanya vilevile: mwalikaji alipewa dola, na mgeni naye alipewa dola.

Pili, zawadi isitolewe siku ya kujiandikisha. Itolewe rafiki akiisha kuweka akiba majuma matatu, tuseme 1.000 kila juma. Siku hiyo ana 3.000 zake mwenyewe na 1.000 ya zawadi, jumla 4.000. Zawadi ikitolewa siku ya kwanza tu, kuna watu watakaonunua laini tano za simu na kujialika wenyewe. Wengine watajiandikisha kwa haya tu, watoe zawadi, wasirudi tena. Utatambua hivi: majina ni mengi, akiba haipo.

Sasa ujumbe wa mama wa sambaza unaweza kuwa hivi:

«Mama, kila juma naweka 1.000 katika simu kwa malipo ya shule ya watoto. Ukitaka kujaribu, tumia namba yangu ya mwaliko 4471. Ukiweka akiba majuma matatu, wewe utapata 1.000 na mimi 1.000. Pesa hizo zinatolewa na kampuni, hazikatwi kwenye akiba yako. Si lazima, na tukionana uliza unachotaka. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata mimi.»

Tazama mpangilio. Unaanza na kazi ambayo akiba inafanya nyumbani mwake, jambo ambalo rafiki anaweza kulithibitisha kwa macho. Sharti linatajwa pamoja na zawadi, siyo baadaye. Faida ya anayealika haifichwi. Wengine wanafikiri kuificha ni adabu, kumbe ni kinyume: rafiki akiigundua mwenyewe, ataona umemuuza. Ukiitaja wewe kwanza, kwa hesabu kamili, inakuwa kitu cha kawaida.

Maneno mawili yanahitaji uangalizi. Tumeandika «utapata 1.000», hatukuandika «faida». Mwanamemba wa AVEC akisikia faida, anafikiri mgao wa mwisho wa mzunguko, na atangoja 1.000 nyingine kila mwezi. Hii inakuja mara moja tu. Tena tumesema «namba ya mwaliko» na «namba ya siri» katika ujumbe mmoja, kwa makusudi. Matapeli wanapenda kupiga simu wakisema: «Nimekualika, nisomee namba uliyopokea ili upate zawadi yako.» Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako. Mwaliko wa kweli unakupa namba, hauombi yako.

Neno «si lazima» nalo lina uzito zaidi likitoka kwa mwenye cheo. Prezidenti wa kikundi au mtunza sanduku akituma mwaliko, memba anaweza kudhani ni agizo, na kwamba akikataa atanyimwa mkopo. Kwa hiyo wakubwa wa kikundi wasitume kwa mmoja mmoja. Waeleze katika mkutano, mbele ya wote, na waseme wazi kwamba mkopo wa AVEC hauhusiani na programu hiyo. Kikundi kikikubaliana, zawadi zote za mwaliko zinaweza kuingia katika mfuko wa usaidizi. Hapo hakuna atakayesema fulani ametajirika kwa majina yetu.

Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yako ili yenyewe iwatumie mwaliko, kataa. Mwaliko unaofika kwa shangazi, kwa fundi wa baiskeli na kwa daktari kwa saa ileile hauna tena sauti yako. Chagua wawili au watatu ambao unajua wanatafuta mahali pa kuweka akiba.

Kabla ya kutuma, mama, soma ujumbe kwa sauti kana kwamba rafiki yako ameketi mbele yako pamoja na mama mkwe wake. Ukifika mahali ambapo ungetaka kushusha sauti, hapo ndipo pa kurekebisha. Na ukiisha kuutuma, sikiliza swali la kwanza analokuuliza. Akiuliza «naweza kutoa pesa yangu lini?», ameelewa kwamba mnazungumza habari za akiba yake, mjibu siku na ada ya kutolea. Akiuliza «wewe unapata nini?», ujumbe wako haukusema vya kutosha. Mwambie papo hapo: franka 1.000, mara moja, kama wewe.